YAH: RUFAA YA NEEMA KWA DAKTARI BINGWA WA HOMONI NA UKUAJI WA WATOTO

Kliniki ya Watoto
12 Machi 2025

Kwa Baba na Mama Neema,

Salaam. Kama tulivyozungumza na Mama Neema siku ya Jumatatu, tumeamua kumpeleka Neema kwa daktari bingwa wa homoni na ukuaji wa watoto. Miadi yake ni Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, saa 3 asubuhi. Barua ya rufaa iko ndani ya bahasha hii, imefungwa. Ikabidhini mapokezi kama ilivyo.

Sababu ya rufaa ni kasi ya kukua, zaidi ya ufupi wenyewe. Machi 2023 Neema alikuwa na sentimita 103.1, mwaka uliofuata 106.4, na Jumatatu hii 109.8. Mtoto wa umri wake kwa kawaida huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Yeye anaongeza 3 na kidogo. Miaka miwili iliyopita alikuwa juu ya mstari wa chini kwenye chati, leo yuko chini yake. Nilimpima mara tatu, bila viatu na baada ya kufumua kile kifundo cha nywele utosini, na namba haikubadilika.

Mama Neema aliniuliza kama ni chakula. Uzito wake unalingana na urefu wake, kwa hiyo sioni dalili kwamba mnamlisha vibaya. Wako watoto wanaochelewa tu, kisha wakarefuka baadaye kuliko wenzao. Wengine tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa, au utumbo haunyonyi chakula vizuri, au homoni ya ukuaji ni pungufu, au kuna jambo la kuzaliwa nalo ambalo kwa msichana hutafutwa kwa kipimo cha damu. Sitaki kubahatisha lipi ni lake. Ndiyo maana tunampeleka.

Sasa, vitu vya kubeba. Cha kwanza ni kadi ya kliniki tangu alipozaliwa, hata kama imechanika au imelowa. Hicho ndicho daktari atakachokitazama kabla ya kitu kingine, kwa sababu kipimo kimoja cha leo hakimwambii mengi, ila vipimo kumi vyenye tarehe vinamwonyesha lini mtoto alianza kupunguza mwendo. Kama shuleni walimpima, ombeni nakala. Na ile milia ya penseli mliyomchorea mlangoni, ipigeni picha pamoja na futi, tarehe zionekane.

Halafu:

- karatasi za kuzaliwa: uzito, urefu kama uliandikwa, na mimba ilikuwa ya wiki ngapi;
- barua za kuruhusiwa kila alipolazwa;
- majibu yote ya damu na mkojo, pamoja na yale tuliyowapa Jumatatu;
- picha yenyewe ya eksirei ya mkono wa kushoto, si maelezo yake peke yake. Bingwa ataisoma mwenyewe kujua umri wa mifupa;
- dawa zote anazotumia au alizotumia muda mrefu, na maboksi yake. Msisahau dawa ya kuvuta ya pumu wala vidonge alivyopewa kifua kilipombana. Dawa za jamii ya steroidi, zikitumika sana, zinaweza kupunguza kasi ya kukua.

Wazazi nanyi mnahitajika, miili yenu ikiwa sehemu ya kumbukumbu. Kwa msichana, daktari huchukua urefu wa baba, hutoa sentimita 13, hujumlisha na urefu wa mama, kisha hugawa kwa mbili ili kukadiria urefu unaotarajiwa. Mama tulimpima: 158. Baba, ule urefu ulionitajia kwenye simu nimeuandika kwa penseli. Wanaume wengi hujiongezea kidogo, basi njoo upimwe ukutani, bila viatu. Mama akumbuke alivunja ungo akiwa na umri gani, na baba kama alirefuka akiwa amechelewa. Andikeni pia urefu wa kaka na dada zake.

Siku hiyo Neema ale kama kawaida na anywe dawa zake. Kikihitajika kipimo cha homoni ya ukuaji atapangiwa siku nyingine ya kwenda bila kula, kwa kuwa homoni hiyo hutoka kwa vipindi na damu ya mara moja haitoshi. Asisukwe nywele za kufunga juu.

Akianza kuumwa kichwa na kutapika asubuhi, kuona vibaya, au kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, msingoje Aprili. Mleteni siku hiyohiyo.

Tafadhali msimwambie anakwenda kuchomwa sindano. Mwambieni anakwenda kupimwa urefu, jambo ambalo amelizoea.

Kama tarehe haiwafai, pigeni namba iliyo nyuma ya kadi kabla ya tarehe 28 Machi.

Wenu,
Daktari wa zamu, Kliniki ya Watoto