Konokono na Jua: waraka wa usanifu wa gemu, toleo la 3

Waraka huu ni wa watu wawili, mimi ninayeandika msimbo na kupanga mafumbo, na mchoraji. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 31 na hakuna aliyelifungua mara ya pili. Hili linasomeka kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Likipingana na kitu kilichomo ndani ya gemu, mmoja wetu alirekebishe siku hiyohiyo.

Gemu kwa kifupi

Konokono anataka kufika dimbwini bila kukauka, kwa hiyo anatembea kivulini tu. Mchezaji humwendesha konokono, na pia huligeuza jua. Ni gemu ya simu, skrini ikiwa wima, inachezwa kwa kidole kimoja na bila intaneti.

Mzunguko wa msingi

Tazama vivuli, msogeze konokono, geuza jua, tazama tena. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 5 hadi 20, na ngazi moja ina mizunguko 1 hadi 8. Utamu wote uko kwenye kile kituo cha katikati, pale mchezaji anapojiuliza, "Nikiligeuza sasa, nitabaki kivulini?" Kitu chochote tutakachoongeza kifanye swali hilo liwe gumu zaidi au zuri zaidi. Kisipolifanyia chochote, hakiingii.

Kanuni

Ubao ni wa miraba, usiozidi safu wima 6 na safu mlalo 7. Sita haikutoka hewani. Skrini nyembamba tunayoilenga ina upana wa dp 360. Ukitoa ukingo wa dp 16 kila upande zinabaki 328, na kila mraba unapata karibu dp 55. Tukiweka safu wima 7 mraba unashuka chini ya dp 48, na hapo vidole vinaanza kugusa visivyokusudiwa.

Jua hukaa upande mmoja kati ya minne, na hugeuka kwa mzunguko wa saa tu: kulia, chini, kushoto, juu. Halirudi nyuma. Jiwe lina kimo cha 1, 2 au 3, nacho ndicho idadi ya miraba ambayo kivuli chake hufunika upande ulio mkabala na jua. Kivuli kikikutana na jiwe jingine hukoma hapo, hata liwe fupi kiasi gani. Zamani kivuli cha jiwe refu kilipita juu ya lile fupi. Kifizikia ilikuwa sawa, lakini kila aliyejaribu alibahatisha na kukosea, nasi hatutengenezi somo la fizikia.

Konokono husogea mraba mmoja kwa mara moja, juu, chini au pembeni. Hapandi mawe. Jua likigeuka na kumwacha wazi, mgeuko unakataliwa: jua linatikisika kidogo na kurudi lilipokuwa, konokono anaingia gambani. Hafi kamwe. Dimbwi ni salama hata likiwa juani.

Kuanzia ngazi ya 21 linaingia jani. Mraba wenye jani una kivuli daima, ila konokono akishaondoka juu yake jani linanyauka na mraba unakuwa wa kawaida. Majani hayazidi matatu kwa ngazi.

Mfano: ngazi ya 3

Nauweka hapa wote kwa sababu ndio unaonyesha gemu ni nini. K ni konokono, B ni dimbwi, tarakimu ni vimo vya mawe. Jua linaanza kulia.

```
. . . B .
. . . . .
K . 2 . .
. 2 . . .
```

Jiwe la katikati linatupa kivuli kushoto na kufunika miraba miwili, ukiwemo wa konokono. Mchezaji mwenye pupa atageuza jua papo hapo, na atakataliwa, kwa kuwa jua likiwa chini mraba ule unabaki wazi. Wengine watashuka kwenye kona ya chini kushoto, ambayo nayo ina kivuli sasa hivi. Huko hakuna kitu. Ni mtego mpole. Jibu ni kusogea mraba mmoja kulia, kwenye mraba unaopakana kwa juu na lile jiwe la chini. Hapo pana kivuli kwa jua la kulia na kwa jua la chini pia. Ukigeuza, vivuli vya mawe mawili vinaungana kama ngazi ya kupandia: panda moja, kulia moja, panda moja, halafu kulia hadi dimbwini. Hatua tano, mgeuko mmoja, na mchezaji amegundua kwamba anatafuta mraba unaofunikwa mara mbili bila sisi kuandika neno hata moja kwenye skrini.

Kitatuzi

Hiki kinatangulia menyu na hata picha. Bila majani, hali zote zinazowezekana hazizidi miraba 42 mara pande 4 za jua, yaani 168. Majani matatu yanazizidisha mara 8, zinakuwa 1,344. Utafutaji wa kupanua tabaka kwa tabaka unazimaliza zote kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo kila ngazi tunayohifadhi inakaguliwa papo hapo: inatatulika? Jibu fupi kabisa lina hatua ngapi? Ngazi isiyopita haiingii.

Udogo huohuo wa hali ndio unaofanya kitufe cha kutendua kiwe rahisi. Kinarudi hadi mwanzo wa ngazi, bila kikomo. Ni lazima kiwepo, maana jua halirudi nyuma na mtu anaweza kujifungia mahali.

Mwonekano na sauti

Vivuli vichorwe kwa mistari ya mshazari, si rangi peke yake, ili asiyetofautisha rangi vizuri acheze pia. Kimo cha jiwe kionekane kwa tabaka zake, bila tarakimu. Mengine namwachia mchoraji. Sauti ni nne tu: kusogea, jua kugeuka, kukataliwa, maji.

Mipaka

Ngazi 30, wiki 10, jioni tatu kwa wiki. Injini ni Godot 4, na ngazi ni faili za maandishi kama mfano ulio juu.

Hatufanyi: kusukuma mawe, hadithi, matangazo, duka, orodha ya washindi, wala chombo cha wachezaji kutunga ngazi zao. Kusukuma mawe kunaniuma, nakiri. Lakini jiwe moja likianza kuhama, hesabu ya hali inavimba na ngazi zote zilizokwisha inabidi zikaguliwe upya. Anayetaka kuingiza kitu kipya ataje kwanza kinachotoka.

Mwisho wa wiki ya 6 tuwe na ngazi 15 zinazochezeka. Tusipofika, tunakata kwa mpangilio huu: jani, halafu ngazi kumi za mwisho. Kutendua na kitatuzi havikatwi.

Wiki ya 4 tunawapa simu watu watano wasiowahi kuiona gemu, nasi tunakaa kimya. Watatu wakikwama ngazi ya 3 zaidi ya dakika tano, tatizo ni ngazi, si wao.

Yasiyoamuliwa

Je, mchezaji aone vivuli vya mgeuko ujao kwa kushikilia kidole juu ya jua? Mchoraji anasema ndiyo. Mimi naona tutakuwa tumempa jibu la swali lenyewe. Tujaribu namna zote mbili wiki ya 4, na hadi hapo kisiandikiwe msimbo wa kudumu.