Yah: Maombi ya mafunzo kazini katika chumba cha kuonja kahawa, Septemba hadi Novemba 2026

Kwa Meneja wa Ubora,

Habari za kazi. Najua hamjatangaza nafasi yoyote, na sikuambiwa na mtu kwamba ipo. Naandika kwa sababu msimu unakaribia kuchanganya, na nadhani kuna kazi mbili ninazoweza kuwapunguzia wakati najifunza ya tatu.

Naitwa Neema Mushi, nyumbani ni Kibosho. Nilihitimu Sayansi na Teknolojia ya Chakula pale SUA, Morogoro, mwaka 2025. Msimu uliopita nilikuwa karani wa mapokezi katika chama chetu cha ushirika cha msingi. Kazi yenyewe ni kupima, kuandika na kukataa, na hapo kwenye kukataa ndipo nilipojifunza zaidi. Mama mmoja alileta debe la kahawa ya maganda, akang'ata punje mbele yangu na kuniambia imekauka. Kipima unyevu kikasoma 13.8. Sikubishana naye. Nilimwomba ang'ate punje ya gunia la jirani yake lililosoma 11.5, akasikia mwenyewe tofauti ya meno, akarudisha debe lake kichanjani. Baada ya siku chache alilileta tena, nikalipokea.

Ninachoomba ni wiki 12, kuanzia Jumatatu tarehe 7 Septemba hadi Ijumaa tarehe 27 Novemba 2026. Nimechagua kipindi hicho kwa sababu ndipo kahawa ya Kilimanjaro inapoingia kwa wingi na meza ya kuonjea haipumziki. Jumamosi nipo pia, sampuli zikirundikana.

Kazi ya kwanza ni maandalizi ya sampuli: kukoboa, kupima unyevu, kuchambua punje zilizotobolewa na wadudu, nyeusi na chachu, kupitisha kwenye chekeche, kupanga vikombe na kuandika rejista. Uwiano wa gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji naujua, na najua kwamba ukoko wa juu hauvunjwi kabla ya dakika ya nne. Kuonja kwenyewe ni jambo jingine. Ulimi wangu haujafundwa, sina cheti cha uonjaji, na hicho ndicho ninachokuja kukitafuta kwenu. Wiki za mwanzo nitafurahi hata kuosha vikombe na kusikiliza waonjaji wenu wakitofautiana.

Kazi ya pili ni ramani za mashamba. Kama mnauza Ulaya, bila shaka sheria yao ya kuzuia mazao yatokanayo na ukataji wa misitu imeshafika mezani kwenu. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu ya GPS, na vihamba vya kwetu karibu vyote viko chini ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo teknolojia si tatizo. Shida ni kumfikia mkulima mwenye vipande vitatu vilivyotengana, kimoja kikiwa bado na jina la marehemu baba yake, na kumweleza kwa nini mgeni anapiga picha mpaka wake. Mimi si mgeni huko, na Kichaga cha Kibosho nakisema. Siku mbili kwa wiki ningeweza kuwa mashambani na maofisa wenu wa ugani.

Sitarajii mshahara. Nauli ya kupanda na kushuka Kibosho pamoja na chakula cha mchana ningeshukuru, lakini si sharti. Bima ya afya ninayo. Ikiwa wiki 12 ni nyingi, nianze na nne za Oktoba, kisha muamue wenyewe.

Wasifu wangu wa ukurasa mmoja nimeuambatisha (Wasifu_Neema_Mushi.pdf), wenye namba ya simu na wadhamini wawili. Kwa anayesoma kwenye simu, muhtasari ni huu:

Elimu: Shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula, SUA, 2025. Mradi wa mwisho: unyevu wa kahawa ya maganda inayohifadhiwa majumbani.
Kazi: Karani wa mapokezi, ushirika wa msingi, Kibosho, msimu wa 2025. Mafunzo kwa vitendo, maabara ya kiwanda cha maziwa, Arusha, 2024.
Ujuzi: kipima unyevu, upangaji wa madaraja kwa chekeche, Excel, kuchukua nukta za GPS kwa simu.
Lugha: Kiswahili, Kichaga, Kiingereza.

Nitapiga simu ofisini kwenu Jumatano tarehe 22 Julai asubuhi. Kama hakuna nafasi, nijibuni hata kwa mstari mmoja, nami sitawasumbua tena msimu huu.

Wenu mtiifu,
Neema Mushi
Kibosho, Moshi
14 Julai 2026