Kutoka Lavu Hadi Diusi: Kwa Mzazi Anayekaa Benchini

Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi yetu hapa Milimani, Kisumu, mama mmoja alisimama akapiga vigelegele. Alikuwa amesikia "arobaini" na kijana wake ndiye aliyekuwa anaanzisha mpira, basi akajua mambo ni mazuri. Kumbe mwamuzi alikuwa amesema "kumi na tano, arobaini", na ile arobaini ilikuwa ya mtoto wa jirani yake. Hakuna aliyemcheka, maana benchi nzima ilikuwa imepotea vilevile. Karatasi hii ni yake, na ni yako pia ikiwa unaleta mtoto tenisi na hujui kinachohesabiwa ni nini.

Nianze na lile linalowakera wengi. Mbona kumi na tano, thelathini, arobaini, na si moja, mbili, tatu? Mzazi, wewe unatazama saa ya ukutani, mshale mfupi uko kwenye 7, unasema ni saa moja, na hujawahi kuona ajabu. Tenisi ni hivyohivyo: namba zinazotamkwa ni majina tu. Pointi ya kwanza inaitwa kumi na tano, ya pili thelathini, ya tatu arobaini, na ya nne ndiyo inayomaliza gemu. Usijumlishe wala usitoe. Zamani huko Ufaransa hiyo ya tatu ilikuwa arobaini na tano, ikafupishwa mdomoni hadi ikabaki arobaini.

Na asiye na kitu? Huyo ana lavu. Lavu ni sifuri, basi. Wapo wanaosema neno hilo lilitokana na neno la Kifaransa la yai, kwa kuwa yai lina umbo la sifuri. Wengine wanasema ni mtu anayecheza kwa mapenzi tu, bila kupata chochote. Wabishane wao. Wewe ukisikia "thelathini, lavu", jua mmoja ana pointi mbili na mwenzake hana hata moja.

Sasa lile kosa la vigelegele. Alama ya anayesevu, yaani anayeanzisha mpira, hutajwa kwanza. Daima. Haijalishi nani anaongoza, nani ni mkubwa, wala nani ni mtoto wako. Kwa hiyo kabla ya kusikiliza namba, tazama mpira uko mkononi mwa nani. Mtu mmoja husevu gemu nzima, kisha gemu inayofuata ni zamu ya mwenzake, na hapo mpangilio wa kutaja unageuka pia. Ukilishika hili moja, umewapita nusu ya watu wa benchini.

Tucheze gemu moja polepole. Chukua vizibo sita vya soda uviweke juu ya benchi, vitatu upande wa Achieng, vitatu upande wa Barasa, na kila mtu akipata pointi sogeza kizibo chake kimoja mbele. Achieng ndiye anayesevu.

Anasimama upande wa kulia wa mstari wa nyuma, anapiga, Barasa anaurudisha mpira kwenye wavu. Kizibo kimoja cha Achieng mbele: kumi na tano, lavu. Anahamia kushoto. Sevu ya kwanza inatoka nje, anapewa nafasi ya pili, nayo inatoka nje. Kukosa mara mbili hivyo huitwa dabo folti, na pointi inaenda kwa Barasa bila jasho. Mwamuzi atasema "fiftini ol", maana yake wote wawili wana kumi na tano. (Tafadhali, dabo folti ya mtoto wa mwenzako haipigiwi makofi. Nakuomba kama ndugu.)

Achieng anarudi kulia. Barasa anashinda: kumi na tano, thelathini. Kushoto, Achieng anashinda: thelathini kwa thelathini. Kulia tena, upepo wa ziwa unaubeba mpira wa Achieng nje ya mstari: thelathini, arobaini. Hapa kaa vizuri, kwa sababu Barasa anahitaji pointi moja tu kuichukua gemu ambayo hakusevu yeye, na katika tenisi hilo ni jambo kubwa. Lakini Achieng anapiga karibu na wavu na kuipata. Tazama vizibo vyako: vitatu kwa vitatu, vyote mbele.

Ungetarajia mwamuzi aseme "arobaini kwa arobaini". Hasemi. Anasema "diusi".

Neno hilo lina asili ya Kifaransa, katika neno la mbili, na mbili ndiyo siri yake. Mkifika diusi, pointi moja haitoshi tena; lazima umpite mwenzako kwa mbili mfululizo. Atakayepata ya kwanza anaitwa mwenye advantaji, na mwamuzi hutaja jina lake: "advantaji, Barasa." Kwenye runinga utaona AD imeandikwa mahali pa namba. Barasa akishinda inayofuata, gemu ni yake. Akishindwa, advantaji inafutika na wote wanarudi diusi. Hapati arobaini na kitu, wala Achieng hapati advantaji moja kwa moja. Wanarudi palepale, vizibo vitatu kwa vitatu, na Achieng anasevu tena kutoka kulia. Ndiyo maana nilikupa sita tu: baada ya hapo vizibo havina kazi, hesabu kwa vidole viwili.

Hili linaweza kwenda mara moja au mara kumi. Sheria ya kawaida haina kikomo. Mimi hupenda sana sehemu hii, kwa kuwa ndipo unapoona mtoto ana moyo kiasi gani. Katika baadhi ya mashindano, ili kuokoa muda, huchezwa pointi moja tu ya mwisho mkifika diusi, na anayepokea huchagua apokelee upande gani. Jumamosi zetu hatufanyi hivyo.

Mengine kwa ufupi. Gemu sita hufanya seti, lakini hapo pia lazima umpite mwenzako kwa mbili: 6–4 inatosha, 6–5 haitoshi, 7–5 inatosha. Zikifika 6–6 huchezwa taibreki, na humo, ajabu, wanahesabu moja, mbili, tatu kama watu wengine, hadi 7, nako kwa tofauti ya mbili. Bila taibreki watu wanaweza kukesha: mwaka 2010 huko Wimbledon seti ya mwisho kati ya Isner na Mahut iliisha 70–68, mechi ikiwa imechukua siku tatu.

Ukitaka mazoezi ya sikio nyumbani, tafuta mechi yoyote ya Angella Okutoyi, binti yetu aliyeshinda taji la wasichana wawiliwawili Wimbledon mwaka 2022. Zima sauti, tazama nani anasevu, taja alama mwenyewe, kisha linganisha na zilizo kwenye kioo. Dakika ishirini zinatosha.

Vizibo viko kwenye mkebe wa maziwa chini ya benchi la pili. Tunaanza saa tatu asubuhi, na wiki hii mwamuzi wa uwanja wa kwanza ni yule mama wa vigelegele. Ameomba mwenyewe.