Michango na ahadi za kuezeka boma la zahanati, kikao cha Jumapili 17 Mei 2026

Wanakitongoji, salaam. Nimesikiliza sauti yote iliyorekodiwa, saa 1 na dakika 12, na nimeandika kila mtu alivyotamka mwenyewe. Dakika ziko pembeni ili anayetaka kuhakikisha asikilize.

Dk. 9: Bibi Mwanaidi, 5,000 taslimu. Ndiye aliyefungua, kabla hata mgeni rasmi hajamaliza kusalimia.
Dk. 11: Mwenyekiti, ahadi 100,000. Ametoa 50,000, bado 50,000, mwisho wa mwezi.
Dk. 14: Mama Zaina wa genge, 20,000 taslimu.
Dk. 17: Ustadhi na Mwinjilisti, walisimama pamoja, 25,000 kila mmoja, taslimu.
Dk. 22: Akina mama wa kuweka na kukopa, 200,000 taslimu. Mhasibu wao alisema, “Hizi si za mfuko wa jamii, tumejichanga wenyewe.” Naomba liandikwe hivyo hivyo.
Dk. 28: Hamisi kwa niaba ya bodaboda, “Tuko 14, kila kichwa elfu kumi.” Ahadi 140,000, Ijumaa 29 Mei. Majina 14 anayo yeye.
Dk. 33: Mnada wa jogoo. Ulianza 10,000, ukafungwa 65,000 kwa Baba Rehema. Amelipa 40,000, bado 25,000. Jogoo kamrudisha kwa Bibi Mwanaidi.
Dk. 47: Da Asha, kwa simu kutoka Maskati, ahadi riyali 20. Nimeziacha kwa riyali mpaka zifike.

Wasiotoa fedha: Mzee Athumani, bati 10 geji 28, akishauza machungwa Julai. Fundi Selemani, siku 6 za kupaua bila malipo, yeye na msaidizi wake. Baba Shabani, tripu 2 za mchanga kwa lori lake, ila dizeli tuweke sisi. Hilo alilirudia mara mbili, tusije tukamlaumu.

Dakika ya 41 kuna sauti ya mwanamume kutoka nyuma, “Na mimi elfu thelathini,” kisha vigelegele vikafunika jina. Sijaiweka kwenye hesabu. Mwenyewe anijulishe. Waliosema “nitajitahidi” au “tutaonana” sikuwaandika pia. Ahadi ni deni, na mtu asidaiwe deni ambalo hakulitamka.

Taslimu mezani: 365,000. Mweka hazina alihesabu mbele ya watu na imelingana na sauti.
Ahadi za shilingi zilizobaki: 215,000.
Jumla: 580,000, mbali na riyali, bati, mchanga na kazi ya fundi.

Aliyeandikwa kimakosa aniambie kabla ya Jumatano jioni. Alhamisi orodha inabandikwa ofisi ya kitongoji, na Mweka hazina ataanza kupitia wenye ahadi nyumba kwa nyumba akiwa na kitabu cha stakabadhi. Usitoe hela bila stakabadhi, hata kama anayepokea ni mimi.

Katibu wa kamati ya ujenzi