Dua ya Kufuturu na Maana Yake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa yetu wanaofunga Ramadhani kamili kwa mara ya kwanza mwaka huu, pamoja na wazazi watakaokaa nao jamvini kungoja adhana ya Magharibi. Dua tunayoomba ihifadhiwe ni hii:

*Dhahabadh-dhamau, wabtallatil-uruuqu, wa thabatal-ajru in shaa Allah.*

Maana yake: "Kiu imeondoka, mishipa imelowana, na ujira umethibiti, Mwenyezi Mungu akipenda."

Dua hii imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Umar, Mwenyezi Mungu amridhie yeye na baba yake, aliyesema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiisema anapofuturu, na Imamu Daraqutni ameihesabu sanadi yake kuwa ni hasan, yaani njema.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mtu mwenye njaa ataje dhahabu. Swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa sababu sikio la Mswahili husikia *dhahaba* likakumbuka kito, ilhali hapa neno hilo ni kitendo chenye maana ya "imekwenda, imeondoka". Ulimi nao uangaliwe: dhali ya *dhahaba* ni nyepesi, lakini dha ya *dhamau*, yaani kiu, ni nzito, ijapokuwa kwa herufi zetu zote mbili twaziandika namna moja.

Maneno yaliyobaki si mageni kwetu kama tunavyodhani. *Thabata* ndiyo asili ya kuthibiti, na *ajru* ndiyo asili ya ujira, malipo ya aliyemaliza kazi yake. Kwa hiyo anayesema *thabatal-ajru* baada ya kutwa nzima ya kujizuia anasema kwamba kazi imekwisha na malipo yamewekwa. Hata hivyo hajipi cheti mwenyewe, maana kauli yake inafungwa kwa *in shaa Allah*, kwa kuwa kuikubali swaumu ni jambo la Mola peke yake. Izingatiwe pia kwamba njaa haikutajwa popote. Kilichotajwa ni kiu na mishipa, na yeyote aliyefunga katika joto la pwani anajua kwamba koo hukauka kabla tumbo halijalalamika.

Kwa kuwa vitendo vyote vitatu vinaeleza jambo lililokwisha kutokea, inafaa dua isomwe baada ya tende ya kwanza au funda la maji, wala si kabla, kwani haielekei mtu aseme kiu imeondoka hali midomo yake ingali mikavu. Anayeanza husema *Bismillah*, hula, kisha huisoma. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume alikuwa akifuturu kwa tende mbivu kabla ya kuswali, asipozipata kwa tende kavu, na asipozipata hizo kwa mafunda ya maji. Uji na kaimati vitasubiri. Jua likishazama asicheleweshe, kwa kuwa imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba watu hawataacha kuwa katika kheri maadamu wanaharakisha kufuturu.

Wengi wetu tulifundishwa na wazee dua nyingine, nayo ni *Allahumma laka swumtu, wa alaa rizqika aftwartu*, yaani "Ewe Mwenyezi Mungu, kwa ajili Yako nimefunga, na kwa riziki Yako nimefuturu." Hiyo nayo imo katika mkusanyo wa Abu Daud, lakini aliyeisimulia, Muadh bin Zuhra, hakumkuta Mtume, na ndiyo maana wanavyuoni wa hadithi wameiona sanadi yake kuwa dhaifu. Maana yake ni njema, na kwa maoni yangu si adabu kumkatiza babu aliyeisoma miaka yote mbele ya futari yake. Ila madrasani tunafundisha ile ya kwanza. Maneno *wa bika aamantu*, ambayo baadhi ya watu huyaongeza katikati, hayamo katika mapokezi hayo.

Baada ya dua hii kila mmoja ana ruhusa ya kuomba haja zake kwa Kiswahili, akiwaombea wagonjwa, marehemu na waliokosa cha kufuturia.

Aliyefuturishwa nyumbani kwa watu awaombee wenyeji wake kwa maneno aliyoyasema Mtume kwa Saad bin Ubada, baada ya kukaribishwa mkate na mafuta:

*Aftwara indakumus-swaaimuuna, wa akala twaamakumul-abraaru, wa swallat alaykumul-malaaika.*

"Wafuturu kwenu waliofunga, wale chakula chenu watu wema, na Malaika wakuombeeni rehema."