Kadi ya Zainab, nimeiandika upya

Idrisa mwanangu, waalaikum salaam.

Picha ya kadi ilinifikia jana baada ya Isha. Niliposoma niliona majina yote yamo, siku imo, mahali pamo, ila furaha haimo. "Unatakiwa kuhudhuria bila kukosa." Hayo ni maneno ya wito wa baraza. Mtu haitwi harusini hivyo, anakaribishwa. Na baba yako ametajwa kwa neno "marehemu", kisha kadi ikampita. Kaka yangu yule ndiye aliyekuwa akimbeba Zainab mabegani kumpeleka madrasa masika yakijaza maji barabarani. Nimemtafutia mahali pake.

Aya ya 21 ya Surat Ar-Rum iliyo juu ya kadi ibaki ilivyo, na mstari wa jina la mgeni pia. Kuanzia hapo isomeke hivi:

*Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.*

*Alhamdulillah, nyumba yetu imeingiwa na heri, nasi tunakutaka uwe nasi katika heri hiyo.*

*Familia ya marehemu Mzee Athumani Bakari na Bi. Mwanahamisi Juma, wa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, kwa mapenzi na heshima inakukaribisha katika harusi ya binti yao mpendwa*

*Zainab Athumani Bakari*

*anayeolewa na*

*Abdulkarim Saidi Mwinyimkuu,*

*kijana wa Bw. na Bi. Saidi Mwinyimkuu wa Pangani.*

*Nikaha itafungwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2026, saa 10:00 alasiri, katika Msikiti Nuru, Makorora, Tanga. Njoo uitikie amina pamoja nasi.*

*Kesho yake, Jumamosi, tarehe 15 Agosti 2026, saa 2:00 usiku, tutakula na kuwapongeza maharusi katika Ukumbi wa Mnazini, Raskazone, Tanga.*

*Mzee Athumani aliitamani sana siku hii, na Mwenyezi Mungu hakumjaalia kuifikia. Ukija, tutamwombea dua pamoja, na Zainab ataona kuwa watu wa baba yake wapo.*

*Kadi hii ni ya watu wawili. Watoto walio chini ya miaka 10 tunawapenda. Kwa usiku wa ukumbini tunaomba wabaki nyumbani wapumzike.*

*Karibu sana, mlango uko wazi.*

Namba za simu zilizo chini sijazigusa, mchapaji aziache hapo hapo.

Sasa sikiliza mambo machache. Pale penye saa ya nikaha mwanga wa taa umeangukia karatasi, nikaikuza picha hadi tarakimu zikavimba. Nilisoma 10:00, lakini sikutaka kukisia jambo kama hilo, ndiyo maana asubuhi nilimpigia mama yako, naye akasema ni saa 10:00, mara tu baada ya sala ya Alasiri. Neno "alasiri" lisiondolewe. Wapo wajomba zenu wanaotoka Muscat, na simu zao, wakishafika Tanga, huwaonyesha saa 4:00 kwa wakati huo huo. Vivyo hivyo "usiku" pale ukumbini.

Abdulkarim kwenye kadi ni neno moja, nami nimeliacha neno moja. Mwinyimkuu pia. Nakuomba ulinganishe na alivyoandika mwenyewe kwenye fomu za ndoa, kwa sababu wakwe wakiona jina lao limekosewa watanyamaza, na ukimya huo tutaishi nao.

Mstari wa watoto ulikuwa umeandikwa "hawaruhusiwi". Kiwango cha miaka nimekiacha kile kile, nimelainisha ulimi tu. Mama mwenye mtoto wa miaka 4 akisoma "hawaruhusiwi" anajiona amefukuzwa yeye.

Ile sentensi ya baba yenu ndiyo inayonishughulisha. Usiipeleke kwa mchapaji kabla mama yako hajaisikia. Msomee wewe kwa sauti, mkiwa wawili, si mbele ya kamati. Akisema ni nzito, tuiondoe yote kuanzia "Mzee Athumani" hadi "wapo", na kadi itasimama bila hiyo. Akinyamaza na kulia, mpe muda, halafu umuulize tena kesho yake. Zainab naye asiione kwanza kwenye kadi iliyokwisha chapwa.

Mchapaji akikutolea nakala ya kwanza, nipigie picha nyingine, mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala mezani. Nitaisoma neno kwa neno nikiwa na hii ya zamani pembeni.

Shangazi yako,
Mwanakombo