Hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, mwaka ulioishia 31/12/2024

Dada, hizi hapa, tarakimu zote ni TSh elfu. Urari mara ya kwanza ulikataa, debiti 59,410 krediti 59,500, tofauti 90. Nikaigawa kwa 9 ikatoka kamili, nikajua kuna tarakimu zimepishana, kumbe umeme wa 650 ulinakiliwa 560 toka leja.

URARI

Debiti: keshi 1,150, benki 4,300, wadaiwa 2,400, stoku ya 1 Januari 6,200, manunuzi 31,500, pango 2,600, mishahara 4,800, umeme 650, shelfu 3,000, pesa aliyochukua mama mwenye duka 2,900. Jumla 59,500

Krediti: mauzo 44,800, wadai 3,700, mtaji wa 1 Januari 11,000. Jumla 59,500 ✔

Ila usitulie hapo. Shelfu moja ya 450 ilikuwa imeingizwa kwenye manunuzi na urari ulikuwa unabalansi vizuri tu, maana zote mbili ni debiti, nimeiona kwa kupitia risiti moja moja. Nimeshaihamisha, ndo imo kwenye ile 3,000.

MAREKEBISHO

Stoku tuliyohesabu 31 Desemba ni 7,100. Pango limelipwa miezi 13 kwa 200, kwahiyo 200 ni ya Januari 2025. Umeme wa Desemba 70 haujalipwa. Shelfu zilinunuliwa Januari 2024, zinachakaa miaka 5 kwa kiasi sawa, yaani 600 kwa mwaka.

MAPATO NA MATUMIZI

Mauzo 44,800
Gharama ya bidhaa zilizouzwa (6,200 + 31,500 − 7,100) 30,600
Faida ghafi 14,200
Pango 2,400
Mishahara 4,800
Umeme (650 + 70) 720
Uchakavu 600
Jumla ya matumizi 8,520
Faida halisi 5,680

Ile 2,900 ya mama usiiweke huku hata akisema ni matumizi ya duka, alilipia ada ya watoto, inapunguza mtaji.

MIZANIA, 31/12/2024

Shelfu (3,000 − 600) 2,400
Stoku 7,100
Wadaiwa 2,400
Pango lililolipwa mapema 200
Benki 4,300
Keshi 1,150
Jumla ya mali 17,550

Wadai 3,700
Umeme tunaodaiwa 70
Mtaji (11,000 + 5,680 − 2,900) 13,780
Jumla ya madeni na mtaji 17,550 ✔

Kila rekebisho nimeliandika pande mbili. Umeme 70 umeongeza matumizi na umeongeza deni, pango 200 limetoka kwenye matumizi likaenda kwenye mali, ungesahau upande mmoja mizania ingekataa kwa kiasi hichohicho. Benki nimeshaioanisha na steitimenti ya Desemba, iko sawa. Wadaiwa ndo bado, naomba uwapigie wale watatu wenye madeni makubwa uthibitishe salio kabla mama hajasaini.